Barua ya kuchelewa kazini kwa sababu ya treni: iliyokubaliwa

Barua ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ilikuwa malalamiko matupu: "treni inachelewa sana". Bosi hawezi kuamua lolote kwa neno "sana". Ya pili ilibeba jedwali la wiki 3: tarehe, saa treni ilipotakiwa kuondoka Pugu, saa ilipoondoka, saa ya kusaini ofisini Kariakoo. Saa iandikwe papo hapo kituoni. Ya kukumbuka jioni haiaminiki.

Jedwali lilionyesha siku 9 kati ya 15 za kuchelewa, kwa dakika 20 hadi 50. Kwa hiyo kusogeza muda wa kuanza kazi kwa nusu saa kusingetosha. Ombi likawa hivi:

"Naomba kuanza kazi saa 3:00 asubuhi badala ya 2:00, na kutoka saa 12:00 jioni badala ya 11:00, kwa majaribio ya miezi 2. Saa 8 za kazi na saa 1 ya mapumziko hazibadiliki."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomtuliza bosi: hakuna saa inayopotea. Akikubali, omba jibu la maandishi, nakala iende utumishi, la sivyo daftari la mahudhurio litaendelea kukuandika mchelewaji.