Shilingi 13,000 zilizopotea kwenye daftari la simu
Wiki iliyopita nilimtengenezea mama, anayeuza dagaa na pweza mkavu sokoni hapa Lindi, lahajedwali lenye safu nne tu: tarehe, maelezo, mauzo na matumizi. Fedha inayopaswa kubaki kila jioni inapigwa hivi:

```
=SUM(C2:C40)-SUM(D2:D40)
```

Siku ya kwanza mauzo yalikuwa 18,000, 24,500 na 13,000, na matumizi, yaani ushuru, mifuko na nauli, yalikuwa 9,000. Jedwali likaonyesha 33,500, ilhali mkobani, baada ya kutoa chenji ya kuanzia, mlikuwa na 46,500.

Tulihesabu noti mara mbili kabla sijagundua kwamba tofauti ni 13,000 kamili, kiasi ambacho mama alikiandika "13,000/=" kama alivyozoea daftarini. Alama ile iligeuza namba kuwa maandishi, na SUM huyaruka maandishi bila kutoa onyo lolote. Dalili ilikuwa wazi: namba nyingine zilikaa kulia mwa kisanduku, hiyo ikakaa kushoto.

Sasa "Sh" ipo kwenye kichwa cha safu peke yake, na mama anaandika 13000 tupu.