Ripoti ya mradi uliokamilika

Jumatano usiku.

Leo asubuhi nilifungua barua pepe nikakuta swali la mstari mmoja kutoka kwa wenzetu wa Dodoma: "Mradi umekamilika lini? Huku hatukuarifiwa."

Mradi haujakamilika. Una miezi 7 mbele yake. Kilichokamilika ni ripoti. Nikaifukua barua niliyoituma jana jioni, na hiyo hapo, katika sentensi ya kwanza kabisa: "Tumeambatisha ripoti ya mradi uliokamilika kwa ukaguzi wenu."

Nilikusudia "iliyokamilika". Ile i- ingeirudia ripoti, lakini u- niliyoiandika imekwenda kuushika mradi, na kuumaliza. Kompyuta haikunipigia mstari mwekundu, na isingeweza, kwa sababu "uliokamilika" ni neno safi. Kikagua tahajia hutazama neno likiwa peke yake. Hakiulizi neno hilo ni la nani. Hata mtu mwingine angeisoma sentensi yangu asione kosa, maana kisarufi halipo. Ni kwamba inasema jambo lingine.

Nimeandika kuomba radhi, kisha nikakaa nikijiuliza imekuwaje. Ngeli nazijua. Ni kweli nimekulia Nairobi, ambako kiti "imevunjika" na viatu "zimepotea" na hakuna anayeshtuka, lakini shuleni tulikaririshwa A-WA, KI-VI, LI-YA mpaka tukaziota. Nikiulizwa mradi uko ngeli gani, nitajibu hata nikiwa usingizini. Kwa hiyo leo jioni, wenzangu walipoondoka, nilizifungua barua zangu za mwezi mzima zilizotumwa na nikazisoma kama vile ni za mtu mwingine. Si zoezi la kumfurahisha mtu.

Nilichokiona ni kwamba karibu makosa yote hayakuingia wakati wa kuandika. Yaliingia wakati wa kurekebisha. Naandika sentensi nzima sawasawa, halafu nabadilisha nomino moja tu ili ipendeze, na vitenzi vinabaki vikimlilia marehemu.

Huu hapa mfano wa wiki iliyopita. Rasimu ilikuwa hivi: "Kikao cha kamati kilichopangwa kufanyika tarehe 14 kimeahirishwa. Tutakitangaza upya pamoja na ajenda zake, na wajumbe watakaoshindwa kukihudhuria watujulishe." Hapo hakuna ubaya. Kisha bosi akasema tuite "mkutano", kwa sababu kwenye kalenda kimeandikwa hivyo. Nikafuta "kikao cha", nikaandika "mkutano wa", nikabonyeza kutuma. Walioipokea wamesoma "mkutano wa kamati kilichopangwa". Kubadilisha neno hilo moja kulidai mabadiliko matano: wa, uliopangwa, umeahirishwa, tutautangaza, kuuhudhuria. Mimi nililipa deni la kwanza tu.

Matatu ya mwanzo mtu anaweza kuyaona kwa macho, kwa kuwa kiambishi kiko mbele ya neno. Yanayoponyoka ni yale ambamo kiambishi cha mtendwa kimejificha katikati ya kitenzi: tuta-KI-tangaza, ku-KI-hudhuria. Na hilo la mwisho lina mtego wake, maana "kuuhudhuria" lina u mbili zinazofuatana na mkono hupenda kuila moja.

Kuna na visivyopaswa kuguswa. "Ajenda zake" inabaki vilevile, kwa kuwa z- inafuata ajenda, haimfuati mwenye ajenda. "Watakaoshindwa" ni mali ya wajumbe. Nimewahi kuona mtu akibadilisha kila kitu kwa hamu ya kusafisha mpaka ajenda ikawa "wake".

Ninachofanya sasa ni hiki. Nikishabadilisha nomino, natafuta kiambishi cha ile nomino ya zamani ndani ya maandishi yote. Kama nimeondoa kikao, nabonyeza Ctrl+F na kuandika ki, kisha ch kwa ajili ya cha na chake, bila nafasi mbele yake, ili hata zile ki zilizomo tumboni mwa vitenzi ziwake. Barua ya aya tatu haina ki nyingi hivyo. Dakika moja inatosha. Kila inayowaka naiuliza: wewe unamtaja nani? Kama jibu ni kikao ambacho hakipo tena, inaondoka.

Njia hiyo haifai kwa kosa la Dodoma, kwa sababu pale sikubadilisha kitu. Pale nilivutwa na jirani. Kitenzi kinapokuwa mbali na mwenyewe, hushika mkono wa nomino iliyo karibu. "Orodha ya majina ya washiriki waliothibitisha yameambatishwa." Masikio yanakubali, kwani majina yako palepale. Lakini kilichoambatishwa ni orodha, kwa hiyo "imeambatishwa", huku "waliothibitisha" wakibaki na washiriki wao. Hapa nasoma kinyumenyume: naanza na kitenzi, nauliza ni nini kilichoambatishwa, narudi kushoto mpaka nimpate, na zile "ya" za katikati naziruka zote.

Kuna mahali ambapo hata ngeli haisaidii. Ningekuwa nimeandika "ripoti ya bajeti iliyokamilika", ripoti na bajeti zote ziko I-ZI, na hakuna kiambishi kitakachomwambia msomaji ni ipi iliyokamilika. Dawa ni kuhamisha: "ripoti iliyokamilika ya bajeti". Nikiwa na shaka nitahamisha hata pale ambapo ngeli zimetofautiana. "Ripoti iliyokamilika ya mradi" isingezaa swali la asubuhi.

Kabla sijaondoka nilipita masijala, ambako mzee wetu wa Mombasa alikuwa bado anafunga majalada. Nikamwonyesha barua ninayoiandaa kwa walimu wakuu, inayoanza na "Ndugu wangu wapendwa".

"Zangu, mwanangu," akasema hata kabla hajavaa miwani. "Ndugu zangu."

Nikamwambia ndugu ni watu, na watu ni A-WA.

"Ni watu, ndiyo. Wamekuja, wameondoka, wapendwa. Lakini ni ndugu zangu, rafiki zangu, shangazi zangu. Kwani wewe nyumbani unasema shangazi wangu?"

Sisemi. Nasema shangazi yangu, na sijawahi kuwaza kwa nini. Basi sentensi moja inabeba sura mbili: "Ndugu zetu wa Kisumu wamewasili." Na "kiongozi", aliyevaa ki-, hapewi "chetu", ni kiongozi wetu, amefika.

Akaendelea kusoma, kidole juu ya skrini (hapendi kusoma bila kidole), akasimama kwenye "Tunakuomba mthibitishe". Nilianza nikimwandikia mwalimu mmoja, kisha nikaongeza wengine 11 kwenye sehemu ya wapokeaji. Mwanzo wa sentensi unasema na mtu mmoja, mwisho unasema na kundi. Nimeandika "Tunawaomba mthibitishe", na zile "yako" mbili zilizokuwa chini zimekuwa "yenu". Kosa la kikao limerudi kwa nguo nyingine: safari hii nilichobadilisha hakikuwa nomino, kilikuwa orodha ya wapokeaji.

Limebaki moja ambalo hatukukubaliana. Kwenye aya ya mwisho nimeandika "kampuni zilizochaguliwa", yeye anataka "makampuni yaliyochaguliwa". Vyote vinaandikwa, na mimi sioni sababu ya ma- pale. Ila barua imeshataja "makampuni" juu, kwenye KUH:, ambapo kichwa cha habari kimenakiliwa kutoka kwa tangazo la zabuni na siruhusiwi kukigusa. Nimebadilisha aya ya mwisho imfuate mzee. Sasa narudi kutafuta zi.