Nilivyoacha kutuma salamu moja ya sikukuu kwa wateja wote

Nashona mapazia na kubadilisha vitambaa vya makochi hapa Dar, mwaka wa tisa huu, na kazi yenyewe inaniingiza sebuleni kwa watu wa kila aina. Kuna Waislamu wa Temeke na Magomeni, Wahindi wa Kisutu, Makhoja wa Upanga, Wakatoliki, Walutheri wenzangu, Wasabato. Kwa miaka mingi salamu za sikukuu nilikua natuma brodikasti moja ya wasap, picha ya kununua kwa mtu wa dizaini, maua pembeni, jina la biashara chini na namba ya simu. Nilikua naamini kabisa nawaheshimu watu, manake nilikua sisahau sikukuu hata moja.

Kilichonibadilisha ni Julai 2023. Kalenda ilionyesha mwaka mpya wa Kiislamu, nikatuma kwa Waislamu wote "Heri ya mwaka mpya, uwe wa furaha na vicheko" na picha ya fataki. Jioni mama mmoja wa Upanga, mteja wangu wa muda mrefu, akanijibu kwa upole tu: "Ahsante mwanangu, ila sisi mwezi huu tuko msibani." Nikampigia kesho yake kuomba radhi, akanieleza kwamba wao ni Mashia wa Ithnaasheri, na Muharram ndo mwezi aliouawa Imam Hussein huko Karbala, siku ya kumi yake ndo Ashura, kwahiyo wanavaa nyeusi, wanaenda imambara, nyumba yao ya kukusanyikia, kusikiliza mawaidha ya msiba wanayoyaita majlisi, na majonzi hayo wanayabeba miezi miwili na siku nane, hakuna harusi wala sherehe. Mimi nimemtumia fataki. Iliniuma sana, na iliniuma zaidi nilipokumbuka kwamba kila mwaka kipindi hicho alikua haniiti kabisa na mimi nilikua nadhani amepata fundi mwingine.

Basi nikaanza upya. Cha kwanza niliacha kukisia dini ya mtu kwa jina lake. Ninae mteja anaitwa jina la Kiislamu na ni mwanakwaya, nna nyumba baba anafunga Ramadhani na mama anaenda misa, sasa hapo brodikasti unamuweka wapi? Nikarudi kwenye daftari langu la oda, na kumbe jibu lilikua humo siku zote. Sisi washona mapazia tukishamaliza kupima dirisha lazima tuulize "unataka yawe yameshaning'inizwa kabla ya siku gani?", na mtu anakutajia mwenyewe, kabla ya Idi, kabla ya Krismasi, kabla ya Diwali, kabla ya kipaimara cha mtoto. Hiyo ndo sikukuu yake kweli, ile anayoitandikia nyumba. Nikaongeza safu moja kwenye daftari, naandika neno lilelile alilotamka yeye, na kama hajasema namuuliza wazi, "mwenzangu, kwenu mnasherehekea sikukuu zipi nisije nikakosea kukutakia heri?" Hakuna hata mmoja aliyechukia, wengi wanakaa chini kabisa wakuelezee.

Ndo nikajifunza kwamba hata Idi sio siku moja. Wengi wanasubiri mwezi uandame na utangazwe, wengine wanafuata Saudia, na wateja wangu Mabohora wana kalenda yao ya hesabu ambayo mara nyingi inawatangulia wengine siku moja au mbili, kwahiyo salamu yangu ilikua inawafikia wameshamaliza kula pilau. Siku hizi meseji ya Idi naiandika mapema ila siitumi mpaka mteja mwenyewe au jirani yake aniambie kwao ni kesho. Na Ijumaa Kuu sitakii mtu heri, ile ni siku ya mateso ya Bwana, nasubiri Jumapili.

Kwa mfano nieleze ya Oktoba 2025. Nna mteja mzee wa Kigujarati mwenye duka la vyombo, nilimbadilishia makochi sita mwezi wa nane. Zamani ningemtumia "Happy Diwali" na picha ya taa na imeisha hiyo. Safari hii nilimuuliza tangu siku ya vipimo. Akaniambia Diwali yenyewe mwaka huo ni tarehe 20, jioni yake wafanyabiashara wanafanya ibada ya vitabu vya hesabu, cha zamani kinafungwa na kipya kinafunguliwa, tarehe 22 ndo mwaka wao mpya, halafu duka linaweza kukaa limefungwa mpaka siku ya tano ya mwaka huo, wanaiita Labh Pancham, ndo wanaanza tena biashara. Na salamu ya mwaka mpya wanasema "Saal Mubarak". Mimi nilikua najua mubarak ni ya Waislamu tu, kumbe Wahindu wa Gujarati wanaitumia siku zote.

Kwahiyo tarehe 22 asubuhi nikamwandikia hivi: "Shikamoo baba. Saal Mubarak kwako na mama na wajukuu. Natumai wageni wameyapenda yale makochi ya kijani, ile ya pembeni niliyoishonea tena naomba uniambie kama imekaa sawa. Mwaka huu mpya uwe wa afya na duka lifunguke kwa baraka." Sikuweka picha, sikuweka ofa, sikuweka namba ya simu manake anayo. Alinipigia mchana ule, akaniita nikale mithai, na tukakaa nusu saa anaongelea marehemu kaka yake aliyelianzisha lile duka. Habari ya kazi hatukuigusa.

Hilo la ofa nalisisitiza kwa anaetaka kujaribu. Ukishaweka "punguzo asilimia 10" chini ya salamu, mtu anasoma punguzo, ile heri uliyomtakia inakua kama kifuniko tu. Mimi tangazo la kazi natuma wiki tatu kabla ya sikukuu, peke yake, na hata kwa kazi ndo wakati wake, manake ukitangaza mapazia siku ya Idi yenyewe nani atashona?

Lililonishughulisha zaidi ni dada mmoja Shahidi wa Yehova. Hao hawasherehekei Krismasi wala Pasaka wala bethidei, na nilikua nishamtumia Krismasi tatu mfululizo, hakunijibu hata moja. Nikaona basi huyu anahitaji siku ambayo sio ya dini, nikachagua siku ya kazi yetu wenyewe. Miezi mitatu baada ya kumfungia mapazia nikaandika, "Dada habari za siku, nilikukumbuka leo, yale mapazia ya chumba cha watoto yanateleza vizuri kwenye fimbo au pete zinakwama?" Akajibu palepale, pete mbili zilikua zimekatika na alikua anaona aibu kunisumbua. Nikaenda nikabadilisha bure. Sasa wote ambao sijui imani yao nawaandikia hivyohivyo.

Wateja wa kuandikia mmoja mmoja wanafika kama 140, ila sikukuu zao haziangukii siku moja, kila sikukuu ni jioni mbili hivi za kazi. Kabla sijatuma napita daftarini kuangalia nani amefiwa mwaka huo, mama aliyeko eda simtumii "Idi ya furaha", namwandikia namuombea na wapendwa wake, nakomea hapo. Na yule mama wa Upanga, Muharram iliyofuata nilimwandikia mstari mmoja tu, "Nawapa pole kwa siku hizi za Ashura, mama." Akanijibu kwa sauti, dakika nne nzima.