Jumapili yangu: teksi, chaki na raundabauti ya Shimanzi

Saa 10:45 alfajiri

Adhana hunikuta nishaamka. Baada ya swala nashuka na ndoo ya maji kuosha Probox, natazama oili, napapasa matairi. Jumapili wengine hulala, lakini dereva wa teksi hapa Mombasa anajua abiria wa treni ya asubuhi hawana Jumapili.

Saa 12:10 asubuhi

Mama mmoja na wajukuu wawili, kutoka Kibokoni hadi stesheni ya treni kule Miritini. Masanduku matatu: mawili buti, moja amelipakata mwenyewe kwa sababu ndani mna halua na haamini buti la mtu.

Pale raundabauti ya Makupa nilikuwa nishaingia, niko ndani nazunguka, matatu ikatoka kushoto kwangu ikajitupa mbele bila hata kupunguza mwendo. Nikakanyaga breki. Sanduku la halua likampiga mama kifuani. Dereva wa matatu akanyoosha mkono nje, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Mama akasema, "Mwanangu, kwani yule hakukuona?" Alikuwa ameniona vizuri sana. Nilikuwa mkono wake wa kulia, tena nishaingia, na hiyo ndiyo hali ambayo sheria inamtaka asimame.

Nilikuwa nimemwahidi binti yangu kwamba leo jioni tutasoma alama za barabarani. Kabla sijafika Changamwe nishabadilisha somo.

Saa 3:00 asubuhi

Mahamri na mbaazi, nimesimama. Halafu Kongowea mara mbili, Tudor mara moja, na kijana mmoja aliyetaka kupelekwa Mama Ngina apigwe picha akiegemea gari langu. Sikumlipisha picha, nilimlipisha muda.

Saa 10:15 alasiri

Binti yangu ana miaka 17. Anatimiza 18 mwezi wa Novemba, na sheria yetu haitoi leseni ya muda ya kujifunzia gari dogo kabla ya hapo. Kwa hiyo nilimwambia tangu nyumbani: usukani leo hushiki.

"Sasa Baba, tunaenda maegesho kufanya nini bila kuendesha?"

"Kutembea."

Akavuta mdomo. Mdogo wake wa miaka 10 akadandia kiti cha nyuma bila kualikwa.

Kuna ghala moja Shimanzi ambalo siku za kazi hujaa malori hata huwezi kupitisha baiskeli. Jumapili uwanja wake mtupu, na mlinzi ni mzee tunayefahamiana. Nilimpelekea viazi karai vya shilingi 100, akafungua geti, akaburura kiti chake hadi kivulini. Hakutaka kupitwa na kitu.

Ufunguo wa gari nikautia mfukoni. Nikaomba kreti bovu, nikaliweka katikati ya uwanja, nikafunga kamba, na chaki niliyonunua dukani nikaifunga ncha ya pili. Kamba ya mita 2, nikazunguka: hicho ndicho kisiwa cha kati. Kamba ya mita 4, duara jingine. Ya mita 6, la mwisho. Kati ya duara na duara nimepata leni mbili, ya ndani na ya nje, kila moja mita 2. Gari lingebanwa, mtu anatosha. Kisha nikachora njia nne zinazoingia: ya getini, ya kwenye tangi la maji, ya kibanda cha mlinzi, na ya pale nilipoegesha Probox.

Nikampa binti kifuniko cha sufuria awe nacho kama usukani. Akacheka, lakini alikishika kwa mikono miwili.

"Wewe unatoka getini," nikamwambia. "Kushoto kwako ni tangi. Mbele ni kibanda cha mzee. Kulia ni Probox. Nduguyo ni matatu, yuko ndani anazunguka. Nataka ufike kwenye Probox."

Akatembea hadi ukingo wa duara, akatazama kushoto, akaona kweupe, akaingia. Nduguye akatokea kulia mbio, wakagongana mabega.

"Mbona umetazama kushoto?"

"Kwani gari haliwezi kutoka kushoto?"

Swali zuri, na ndilo linalowachanganya wengi. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ndani ya raundabauti magari yote yanazunguka kama mshale wa saa. Ukiwa umesimama mlangoni, kila aliye ndani atakupitia akitoka mkono wako wa kulia. Yule wa kushoto naye ana mlango wake, na yeye ndiye atakayekusubiri wewe ukishaingia. Nikamsimamisha hapo mlangoni, nikamwambia nduguye azunguke mara tatu polepole. Mara ya tatu akasema mwenyewe, "Ah. Hawezi kunijia kutoka upande ule mpaka awe amenipita kwanza."

Tukaanza upya. Anakwenda kulia, kwa hiyo akiwa bado njiani anawasha indiketa ya kulia (tulikubaliana mkono wa kulia uinuliwe kidogo) na anakaa leni ya kulia. Anasimama, nduguye anapita, anaingia leni ya ndani. Anapita tangi. Anapita kibanda. Akaona Probox, akakata moja kwa moja kwenda nje, na matatu yetu ilikuwa leni ya nje pembeni mwake. Bega tena. Mzee mlinzi akapiga kofi la paja: "Hapo ndipo wanapokwaruzana kila siku!"

Ni kweli. Wengi hujua kuingia, kutoka ndiko kunakowashinda. Ukishapita njia iliyo kabla ya yako, kwa huyu binti ni ile ya kibanda, ndipo unazima kulia na kuwasha kushoto. Unatazama kioo cha kushoto, kisha unageuza shingo juu ya bega, maana kioo hakionyeshi gari lililo sambamba na mlango wako wa nyuma. Leni ya nje ikiwa tupu unatoka. Ikiwa kuna mtu, hutoki: unazunguka mara nyingine. Hakuna faini ya kuzunguka mara mbili.

"Watu si watanicheka?"

"Watakucheka, watapita, na gari lako halina mkwaruzo."

Alizunguka mara nne ndipo nduguye akachoka kumzibia. Kwenda mbele kulikuwa rahisi: leni ya kushoto, anaingia bila indiketa, akishapita tangi anawasha kushoto. Kwenda kushoto kulichukua dakika moja.

Kisha nikamnong'oneza mdogo mtu jambo. Akaja mlangoni mwa dada yake ameinua mkono wa kushoto, yaani anatoka, na dada akaingia. Mtoto hakutoka, akaendelea mbele. Kishindo.

"Amenidanganya!"

"Labda alisahau kuzima. Labda anatoka mlango wa mbele. Indiketa ni maneno tu, mama. Tazama tairi la mbele. Taa inaweza kusema hivi na tairi likasema vile, wewe ingia tairi likishageuka."

Saa 11:05 jioni

Akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na kama wa kulia hajaingia bado, anakuja tu kwa mbali, mbali gani ndiyo mbali?"

Nimeendesha miaka 22 na sijawahi kuliweka kwa hesabu. Nikakaa kwenye kreti, nikaandika chini kwa chaki. Probox yangu ikitoka kusimama, mpaka iwe imeingia na kupata mwendo wa kutomsumbua mtu, inataka kama sekunde 3. Gari linalokuja kwa kilomita 30 kwa saa linakwenda mita 8 na kitu kila sekunde, basi kwa sekunde 3 ni mita 25. Likija kwa 50, mwendo ambao ndio mwisho wa sheria mjini, ni mita 14 kwa sekunde, yaani mita 42.

Hatua yangu ni kama sentimita 70. Nikamwacha mlangoni mwa duara nikahesabu hatua 36, nikavua ndara moja, nikaiweka. "Hapa ni yule wa 30." Nikaendelea kuhesabu nifike 60 niweke ya pili. Ya 51 nikafika ukutani.

"Kwa hiyo wa 50 yuko nje ya ukuta?" akapaza sauti.

"Yuko barabarani kule, na wewe ungeingia kwa sababu ungemwona mbali."

Akanyamaza, akitazama ndara yangu, kisha ukuta. Akasema, "Lakini Baba, mtu hawezi kupima hatua akiwa ndani ya gari." Hawezi. Ndiyo maana nikamfundisha kutazama mara mbili: tazama, hesabu moja, tazama tena. Gari lililokuwa dogo likiwa limekua ghafla, linakuja kwa kasi, liache. Na lori lenye kontena hata likija polepole liache, maana likihitaji kusimama kwa ajili yako halitasimama mahali ambapo Probox ingesimama.

Saa 12:00 jioni

Ningeweza kurudi Majengo kwa njia ya mkato. Nikapitia Makupa makusudi, binti kiti cha mbele, mkanda amefunga, kifuniko cha sufuria bado kipajani. Nikamwambia yeye ndiye macho, nitaingia akisema.

"Bado... bado... huyo tairi halijageuka... bado."

Nyuma yetu honi. Makanga mmoja akapiga bati la ubavu na kuniuliza kama nangoja kualikwa harusi. Pengo moja nililoliona mimi ningeingia bila kufikiri, yeye akasema bado. Tukakaa hapo muda ambao sijapata kukaa tangu nipate leseni. Mwishowe: "Sasa." Nikaingia, na nilipotoka akaniambia sikugeuza shingo.

Nilikuwa nimetazama kioo. Shingo sikugeuza, kweli.

Saa 3:40 usiku

Nimeshusha abiria wa mwisho Ganjoni. Hesabu ya leo si mbaya, ingawa saa mbili za alasiri nimezila kwa chaki. Simu ikaita, mzee mlinzi.

"Yakhe, lile duara lako."

Nikaanza kuomba radhi, nikamwambia kesho alfajiri nitakuja na ndoo nilisugue.

"Ngoja kwanza. Jioni limekuja lori, dereva mgeni, nimemfungulia geti aegeshe alale. Kreti nilisahau kulitoa. Amefika pale kwenye mistari, amesimama, ametazama kulia, kisha amezunguka lote mpaka akatokea kwangu."

"Na indiketa?"

"Kulia amewasha. Ya kutokea hakuwasha."