Nilivyoipanga hoja ya uovu kwa kauli zenye namba

Swali la insha lilikuwa fupi: je, mateso yaliyopo duniani yanatupa sababu ya kusema Mungu hayupo? Hapa Tabora karibu kila mtu ninayemfahamu ama anaenda kanisani ama msikitini, kwa hiyo nilijua wasomaji wangu wa kwanza watataka kuipinga hoja kabla sijaimaliza. Ndiyo sababu niliamua kuiandika kwa namba. Anayepinga alazimike kusema anapinga kauli ipi.

Namna inayowajia wengi haraka ni hii: Mungu akiwepo, uovu haupo, uovu upo, kwa hiyo Mungu hayupo. Kimantiki haina tatizo, lakini mzigo wote umebebwa na kauli ya kwanza, na hakuna mwamini anayeikubali. Mwanafalsafa J. L. Mackie mwaka 1955 alijaribu kuitetea njia inayokaribiana na hiyo, akidai kwamba kumwamini Mungu mwenye uwezo wote na mwema kabisa, na papo hapo kukubali kwamba uovu upo, ni kujipinga. Alvin Plantinga alimjibu kwa kutumia utashi huru, yaani uhuru wa mtu kuchagua mema au mabaya, na wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanaona kujipinga huko hakukuthibitishwa. Nikamwacha Mackie katika aya moja, nikaenda kwa William Rowe, ambaye mwaka 1979 alidai kitu kidogo zaidi: si kwamba haiwezekani, bali kwamba tuna sababu nzuri ya kutoamini. Kwa maneno yangu, hoja yake niliiandika hivi:

1. Yapo mateso makali ambayo aliye na uwezo wote na ujuzi wote angeweza kuyazuia bila kupoteza jema lililo kubwa zaidi, na bila kuruhusu baya jingine la kiwango hicho au kuzidi.

2. Aliye na ujuzi wote na mwema kabisa angeyazuia mateso makali yoyote anayoweza kuyazuia, isipokuwa kama kwa kuyazuia angepoteza jema lililo kubwa zaidi, au angeruhusu baya jingine la kiwango hicho au kuzidi.

3. Kwa hiyo, hayupo aliye na uwezo wote, ujuzi wote na wema kamili.

Angalia jinsi maneno ya masharti yanavyojirudia katika 1 na 2. Yanachosha kusoma, na nilishawishika kuandika "mateso yasiyo na maana" mahali pamoja ili sentensi ipumue. Sikufanya hivyo, kwa sababu mateso yanaweza kuwa hayana maana yoyote kwa anayeteseka na bado yakalinda jema fulani. Maneno yakitofautiana, 1 na 2 hazizungumzii tena kitu kimoja, na 3 haifuati. Jaribio langu lilikuwa rahisi: chukulia kwamba yupo mwenye sifa zote tatu. Kwa 2, mateso yanayotajwa katika 1 angeyazuia. Lakini 1 inasema yapo. Basi hayupo. Hoja ikipita hapo, ubishi uliobaki ni kama 1 na 2 ni kweli.

Kauli 2 wengi wanaikubali, waamini kwa wasioamini, kwa hiyo sikuipa nafasi kubwa. Kazi yote iko kwenye 1. Rowe anaitetea kwa mfano wa mtoto wa paa: radi inapiga mti mkavu porini, moto unawaka, mnyama anaungua vibaya na kulala kwa maumivu siku kadhaa kabla ya kufa, na hakuna mtu anayejua.

Rafiki yangu frateri, niliyempa rasimu aisome, alicheka. "Kaka, moto wa miombo unawashwa na watu. Mkulima anasafisha shamba, mrina asali anaacha kienge chake kinafuka, mwindaji anachoma nyasi. Hiyo radi umeitoa wapi?" Ni kweli, pori letu linaungua kila kiangazi, na mara nyingi kuna mkono wa mtu. Lakini swali lake ndilo lililonionyesha kwa nini radi haipaswi kuguswa. Ningeweka mrina asali aliyezembea, pingamizi la utashi huru lingeingia mlangoni: Mungu aliruhusu moto ili asimnyang'anye mtu uhuru wake. Kwa radi hakuna uhuru wa mtu wa kulindwa. Nikauhamishia mfano kwenye mvua za kwanza, wakati radi zimeanza na nyasi bado hazijapata maji ya kutosha, na nikaeleza kwa sentensi moja kwa nini mwanadamu hayumo.

Kisha nikafanya jambo ambalo naona ndilo lililoibeba insha. Nilifungua utetezi wa kauli 1 nao nikaupa namba:

1a. Tumefikiri kwa bidii na hatuoni jema lolote ambalo lingehitaji paa yule ateseke hivyo.

1b. Kwa hiyo, inaelekea jema hilo halipo.

Ukiiandika hivyo, ufa unaonekana. Kati ya 1a na 1b tumeruka kutoka "hatuoni" kwenda "hakuna". Hapo ndipo Stephen Wykstra alipogonga mwaka 1984. Anasema ruko hilo ni halali tu ikiwa kitu hicho, kama kingekuwepo, tungetarajia kukiona. Nikichungulia darasani nisione tembo, nina haki ya kusema hayumo. Nisipoona kupe, sina haki hiyo. Na mawazo ya Mungu, anadai Wykstra, yako mbali mno na yetu kiasi kwamba hatupaswi kutarajia kuona kila jema alilonalo akilini.

Nililiandika kama "Pingamizi A, dhidi ya hatua kutoka 1a kwenda 1b", siyo dhidi ya 1. Tofauti hiyo ni kubwa: Wykstra hasemi 1 ni uongo, anasema hatujapewa sababu ya kuiamini. Chini yake nikaweka "Jibu A", ambalo ni la Rowe: kuwepo kwa Mungu tu hakutuambii kwamba mema yale lazima yafichike, mtu akiongeza hilo, ameongeza imani mpya ambayo nayo inadai utetezi. Nikaongeza hoja inayotolewa na wengi, kwamba kama hatuwezi kupima mema yaliyofichika, hatujui pia kama tumwokoe paa tukimkuta anaungua. Padre anayetufundisha aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Jibu hili linairudisha 1b, au linalipunguza nguvu pingamizi tu?" Linalipunguza nguvu tu, nami nikaandika hivyo waziwazi.

Pingamizi B nililiweka mwisho kwa sababu haligusi 1a wala 1b. Rowe mwenyewe analitoa kwa niaba ya mwamini, akifuata njia ya G. E. Moore: geuza hoja. Mungu yupo, yaani 3 si kweli. 2 ni kweli. Kwa hiyo 1 si kweli. Kimantiki hoja hii ni nzuri sawa na ile ya kwanza, na kauli ni zile zile. Kinachobaki ni kupima kipi kina ushahidi zaidi, 1 au kinyume cha 3, na hapo mwamini lazima alete sababu zake nyingine za kuamini, nje kabisa ya habari za paa. Frateri alilipenda sana pingamizi hili. Mimi niliandika kwamba kwa mtu asiye na sababu hizo, halimpi chochote, na kwamba Pingamizi A ndilo lenye uzito zaidi kwa sababu linamgusa hata yeye.