Wafuasi wamepungua, laiki ziko palepale

Jana nililala na wafuasi 4,200, leo nimeamka na 3,650. Nilishtuka, sikatai. Kumbe mtandao umefagia akaunti feki, zile zisizo na picha, jina linaishia na msururu wa tarakimu. Nikafungua takwimu: machapisho yangu ya wiki iliyopita yalipata laiki kama 120 kila moja, na la leo limepata 118. Yaani wanaonisoma bado wapo. Waliotoweka hawakuwahi kusoma hata neno. (Twita nayo ilifanya hivyo Julai 2018, hata mastaa wakapoteza wafuasi.)

Ningehofu kama idadi ingeendelea kushuka kila siku, au watu wanaofikiwa na machapisho nao wangepungua. Ninunue wafuasi wa kufidia? Hao ndio watafagiwa awamu ijayo.