Kumbukumbu ya mradi wangu: vibanzi vya mpakani vimeisha, na chanzo chake hakikuwa nilikokuwa nikitafuta

Hatimaye ukaguzi wa topolojia wa ramani yangu ya wilaya, yaani wa jinsi mipaka inavyokutana, umerudi mtupu. Wilaya 38, hakuna mwanya, hakuna poligoni mbili zinazopandana. Nimeurudia mara tatu kwa sababu sikuamini.

Nilipoanza, Topology Checker ya programu ya ramani ya QGIS ilinionyesha mianya 61 na maeneo 54 yanayopandana, vyote vibanzi vyembamba mpakani. Nilifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: nikanasisha vipeo, yaani nukta zinazounda mstari wa mpaka, ili vilivyo ndani ya mita 1 vikutane. Vingi vikatoweka, vikabaki 19. Nikapandisha hadi mita 3, na hapo nikaharibu kazi. Kuna mpaka unaofuata mto wenye kona nyingi, na vipeo vyake vimekaribiana kiasi cha mita 2. Vikanasana vyenyewe kwa vyenyewe, mstari ukajikata, na wilaya mbili zikawa na jiometri batili. Nikarudi kwenye nakala ya awali nikiwa na hasira kweli.

Kilichonisumbua ni kibanzi kimoja kati ya hivyo 19. Kiko kwenye mpaka ulionyooka mashariki hadi magharibi, juu ya latitudo ya nyuzi 45, wenye urefu wa kilomita 10. Kwa mpaka mnyoofu namna hiyo, mtu angechoraje vibaya? Nilikikuza mpaka nikaona umbo lake: pembetatu ndefu mno, ncha zake mbili ni miisho ya mpaka, na katikati pana upana wa karibu mita 2. Nilipohesabu vipeo nikakuta wilaya ya kusini ina kipeo katikati ya mpaka, kwa sababu hapo zamani paliungana wilaya ndogo mbili. Wilaya ya kaskazini haina. Kwake ni mstari mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikafungua faili la asili, lile la nyuzi za latitudo na longitudo, kabla sijalipeleka kwenye UTM, projeksheni inayopima kwa mita. Kibanzi hakimo! Kipeo cha katikati kimelala juu ya mstari wa jirani sawasawa, latitudo ileile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mstari ulionyooka kwenye nyuzi haubaki umenyooka kwenye mita. Programu inapobadilisha projeksheni inahamisha vipeo tu, kisha inaviunganisha upya kwa mistari minyoofu. Latitudo ya 45 kaskazini, ikichorwa kwenye UTM, ni tao, na katikati yake inashuka kusini ya mstari unaounganisha miisho. Kiasi chake ni takribani L² × tan φ / 8R, ambapo L ni urefu wa mpaka, φ ni latitudo na R ni nusu kipenyo cha dunia. Kwa kilomita 10 kwenye nyuzi 45 inatoka karibu mita 2, na kwa kilomita 20 inakuwa karibu 8, kwa kuwa urefu unazidishwa kwa wenyewe. Kipeo cha wilaya ya kusini kiliteremka na tao, mstari wa kaskazini ukabaki palepale, na mwanya ukazaliwa. Kama kipeo kingekuwa cha wilaya ya kaskazini, yenyewe ndiyo ingeshuka na kumpanda jirani. Ndiyo maana kosa la aina moja lilikuwa likijitokeza kwa sura mbili, na mimi nikidhani ni makosa tofauti.

Kwa hiyo nilikuwa natibu mahali pasipo ugonjwa. Dawa ni kuweka kipeo kinachokosekana kabla ya kubadilisha projeksheni. Niliacha kugusa poligoni, nikachukua mipaka yote kama mistari, nikaiunganisha kwa gridi ndogo, kisha nikajenga poligoni upya kwa PostGIS, kiongezi cha ramani cha hifadhidata ya PostgreSQL:

```sql
CREATE TABLE vipande AS
SELECT (ST_Dump(ST_Polygonize(mistari))).geom AS geom
FROM (SELECT ST_Union(ST_Boundary(geom), 1e-7) AS mistari
      FROM wilaya) m;
```

Hiyo `1e-7` ni nyuzi, takribani sentimita 1 ardhini. Mstari unaopita karibu na kipeo kwa umbali wa chini ya hapo unavutwa upite juu yake, na kipeo kinaingia pande zote mbili. Kinachonifurahisha zaidi ni hatua inayofuata. Kwa kila kipande nachukua nukta ya ndani kwa `ST_PointOnSurface`, nahesabu ni wilaya ngapi za awali zinaifunika. Jibu likiwa 1, kipande ni halali. Likiwa 0, ni mwanya. Likiwa 2, wilaya zimepandana hapo. Ukaguzi wote umekuwa kuhesabu tu.

Vile vibanzi vya kipeo kilichokosekana viliisha hapohapo, pamoja na vyote vilivyokuwa chini ya sentimita. Vilibaki vipande 11 nilivyodhani kweli vilichorwa vibaya, 7 vya sifuri na 4 vya mbili.

Nusura nikosee tena. Niliandika kanuni kwamba kipande cha sifuri kilicho chini ya hekta 2 kiunganishwe na jirani, na ikameza ziwa dogo ambalo kwa makusudi halimo katika wilaya yoyote. Ziwa lile lina karibu hekta 1. Ukipiga hesabu ya kile kibanzi cha kilomita 10, nusu ya urefu mara mita 2, nacho ni hekta 1! Ukubwa hauwezi kuvitenganisha. Kinachotenganisha ni upana wa wastani, yaani mara mbili ya eneo gawanya kwa mzingo. Kibanzi kinatoa mita 1. Ziwa, kwa kuwa ni karibu duara lenye mzingo wa mita 355 hivi, linatoa kama 56. Nikaweka kikomo cha mita 5 na ziwa likarudi mahali pake. Kumbuka kupima kwa `geography`, kwa sababu eneo la nyuzi mraba halina maana yoyote.

Vibanzi 10 vilivyobaki nilivipa jirani anayeshirikiana navyo mpaka mrefu zaidi. Viwili nilivitazama mwenyewe kwa macho, kwa kuwa pande zake zilikuwa karibu sawa.

Baada ya kuunganisha vipande kuwa wilaya na kuvipeleka UTM, nilikagua hivi:

```sql
SELECT jina FROM (
  SELECT jina, ST_CoverageInvalidEdges(geom, 5) OVER () AS kosa
  FROM wilaya_utm) k
WHERE kosa IS NOT NULL;
```

Inahitaji PostGIS 3.4 na maktaba yake ya jiometri, GEOS 3.12, na kwangu ndiyo zana bora kuliko zote nilizogusa. Haitosheki na kuona kwamba poligoni hazipandani. Inataka vipeo vya mpaka wa pamoja viwe vilevile pande zote mbili, kwa hiyo inakamata kipeo kinachokosekana hata kabla hakijazaa mwanya. Bila ile namba ya 5 haitafuti mianya, msiisahau. Topology Checker naipenda kwa kuonyesha makosa kwenye ramani, lakini haina kanuni ya kipeo kinachokosekana. Kanuni hiyo ipo QGIS kwingine, kwenye sifa za tabaka upande wa uchoraji, kwa jina la "Missing Vertex". Ningeiwasha mapema ningeokoa wiki mbili.

Nilipanga leo nianze kurahisisha mipaka kwa ramani ndogo. Nimeacha. Ile mistari iliyounganishwa imenipa wazo: nihifadhi mpaka wenyewe mara moja tu, na safu mbili za wilaya ya kushoto na ya kulia, halafu poligoni ziwe zinajengwa kutoka humo kila zinapohitajika. Jedwali tayari lina mistari 97, na kwa 12 kati yake upande wa kulia hauna wilaya.